Nilivyoandika madaraja ya kusahihishia kisa cha mgonjwa

Mwongozo tuliokuwa tukisahihishia kazi za kisa cha mgonjwa ulikuwa na "vizuri sana", "vizuri" na "wastani", basi. Mkufunzi mwenzangu na mimi tuliwahi kusahihisha karatasi moja, kila mtu kivyake. Kwenye mpango wa huduma yeye alitoa 15 kati ya 20, mimi 9. Mwongozo haukumwambia yeyote kati yetu atafute nini.

Nilipopewa kazi ya kuandika mpya, nilianza na kisa chenyewe. Mama ana mimba ya wiki 36, presha 170/115, kichwa kinamuuma, macho yanaona ukungu, mkojo una protini. Amepewa dozi ya kwanza ya magneziamu salfeti kuzuia degedege. Saa nne baadaye, dozi nyingine ikiwa imefika, anapumua mara 14 kwa dakika na mkojo wa saa zote nne ni mililita 70. Goti likigongwa, mguu bado unaruka.

Dozi inayofuata hutolewa iwapo mama anapumua angalau mara 16 kwa dakika, mkojo ni mililita 30 au zaidi kwa saa, na goti linaitika. Huyu amepungukiwa masharti mawili. Kwa hiyo nikajiuliza wanafunzi wa viwango tofauti wangeandika nini hapa, nami nikayaandika hayo kuwa madaraja.

Wa alama 16 hadi 20 anazuia dozi, anamwita daktari, anaweka tayari kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kumwokoa mama magneziamu ikizidi, na anaeleza kwamba magneziamu hutolewa mwilini na figo, hivyo mkojo ukipungua magneziamu hujikusanya mwilini na kudhoofisha upumuaji. Wa 12 hadi 15 anazuia na kuita msaada, ila hagusi figo. Wa 10 au 11 anaona vipimo si vya kawaida na kutaka mama apimwe upya kabla ya sindano, lakini haamui zaidi ya hapo. Anayetoa dozi yuko chini ya 10, hata kama ameandika kurasa nzuri kiasi gani. Mwenzangu aliona hilo ni kali. Sikulilegeza, kwa sababu sindano hiyo inaweza kusimamisha pumzi ya mama.

Tulijaribu madaraja hayo kwenye karatasi za zamani zenye kisa hicho, tukakaribiana sana, isipokuwa kwenye elimu kwa mama. Nilikuwa nimeandika "anatoa elimu ya kutosha". Nikabadilisha: anamtajia mama maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu na maumivu ya juu ya tumbo, na kumwambia aite muuguzi mara moja.

Wanafunzi hupewa madaraja pamoja na kazi, lakini nakala yao husema tu "anaamua kuhusu dozi kwa kutumia vipimo na kueleza sababu". Namba na jina la dawa ya kuokoa hubaki kwenye nakala ya msahihishaji.