Kaandika "job" basi

Maneno ya ami Khamis yamenikaa tangu Jumanne, na mpaka leo nkitia chai kikombeni nayasikia. "Mtu kaandika job, mtumie tangazo. Maswali yote hayo ya nini, weye polisi?" Kasema hivyo mbele ya wateja wawili wa fotokopi, mie nimeshika simu ya duka. Sikumjibu, ni ami yangu na duka lake.

Lakini mie nnalijua hilo neno. Kwa hapa Chake namba yetu ipo kwenye kibao cha mlangoni, basi watu wanatuma "job", hakuna salamu, hakuna jina. Wengine wanaonea haya, wengine wanapima tu kama namba inajibu kabla hawajamaliza bando. Na ndani ya neno hilo mna watu watatu mbalimbali kabisa. Kuna asiye na kitu mkononi, anatafuta nafasi. Huyo namuuliza kasoma mpaka wapi, na anataka ya SMZ au ya Muungano, kwa sababu za Muungano zinaombwa kwenye Ajira Portal na kule bila ya namba ya NIDA hujisajili, kitambulisho cha Mzanzibari pekee hakitoshi. Kuna aliyeshaliona tangazo ila barua hajui aiandikeje au vyeti hajaviskani, huyo nataka kujua tangazo lipi na mwisho lini. Na kuna aliyeitwa usaili, huyo hataki tangazo hata kidogo, ana hofu na ana tarehe.

Ukimtumia tangazo huyu wa tatu ataona hujamuelewa na hatorudi. Ndo maana naandika sentensi moja tu: "Waalaykum salaam, unatafuta nafasi, au ushaiona unataka kusaidiwa kuomba, au umeitwa usaili? Na kuna tarehe yoyote?" Salamu naijibu hata kama hakuitoa. Na hiyo tarehe ndo muhimu kuliko yote, maana wa kutafuta anaweza kusubiri mpaka kesho, ila wa usaili siku moja ni kubwa mno.

Yule wa Jumanne akakaa kimya muda mrefu (na hapo ndo ami akasema lile neno lake, weye polisi, mbele ya watu) halafu ikaja: "usaili. jumatatu. usipige simu ni ya kaka". Kumbe ndo maana ya neno moja, hakutaka kaka yake ajue mpaka apate.

Alkhamisi akashuka na gari ya Wete akaja mwenyewe na bahasha. Tukasoma tangazo la kuitwa kwenye usaili pamoja, mstari kwa mstari. Alikuwa amejiandaa kwa maswali tu, anajisomea mpaka usiku, kumbe tatizo lipo kwenye bahasha. Cha kidato cha nne alichokuja nacho ni karatasi ya matokeo aliyoprinti, na tangazo linasema wazi hati za matokeo hazikubaliwi, unataka cheti chenyewe. Cheti kipo skuli, hajawahi kukichukua. Halafu nikaweka kitambulisho chake cha mkaazi kando ya ile karatasi, kidole kwenye jina la babu: huku Shame, huku Shaame. Herufi moja! Majina yakitofautiana wanataka hati ya kubadili majina, na hiyo huipati mlangoni pa chumba cha usaili asubuhi ile. Akatoka hapo hapo kwenda kwa wakili, na ijumaa asubuhi skuli, na cheti kakipata, kanitumia picha. Nimefurahi mie, mpaka wakaniuliza kwenye harusi ya Zuhura kinachonichekesha nini.

Hati ya wakili sijajua kama imeshatoka. Hofu yake ya maswali ipo pale pale, tulikaa nae kidogo tu kwenye hilo, nikamwambia ajizoeze kujieleza kwa sauti, asome kwa kusema sio kwa macho.

Ami hajui kitu. Leo kaniuliza tena kwa nini simu ya duka inamaliza bando, nikamwambia nitaliongeza mwenyewe. Lakini ile "weye polisi" bado, naigeuza geuza, mara namuona ana haki yake duka linataka pesa, mara nataka nimuwekee ile karatasi ya Shame na Shaame mbele yake aone.

Basi. Kinachoninyima usingizi sasa ni bibi, Jumatatu anavuka kwenda Unguja kwa lile jicho lake na upepo wa kusi umechachamaa, na dawa ya kichefuchefu hataki kuimeza, anasema inamlaza. Nani atakaa nae kwenye boti, Nassir keshasema ana mtihani.