Picha moja, alt mbili: nilivyotengeneza ukurasa wa mashua za Jinja

Hajati ana mashua mbili pale chanzo cha Nile, na wageni wake wengi siku hizi ni Wakenya wanaovukia Busia na Malaba. Akaniambia, "Mwanangu, nitengenezee ukurasa wa Kiswahili cha kueleweka, usiniletee kile cha kambini." Mimi nimekulia Walukuba, Kiswahili ndicho tulichochezea mpira, kwa hiyo maneno hayakunisumbua. Kilichonisumbua ni picha, hasa `alt` zake, yaani maneno yanayoandikwa kwenye msimbo wa ukurasa ili yasimame badala ya picha kwa asiyeiona.

Zilikuwa kumi na nne. Nilizipanga, ukurasa ukapendeza, nikaona kazi imekwisha. Kisha nikampelekea jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia ambaye glaukoma ilimnyang'anya macho. Ana kompyuta kuukuu yenye NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na masikioni amechomeka spika zake kama kijana wa boda. Nilimwomba ausikilize ukurasa, nami nikakaa pembeni.

Mwanzoni alikunja uso kwa sababu nyingine kabisa. Kiolezo nilichotumia kilikuwa kimeandikwa `lang="en"` juu kabisa, basi sauti ikawa inasoma Kiswahili changu kwa mdomo wa Kiingereza. "Maporomoko" lilitoka kama jina la dawa. Nilibadilisha ikawa `lang="sw"`, NVDA ikahamia sauti ya Kiswahili ya eSpeak NG, tukaanza upya. Hilo nalitaja mapema kwa sababu maelezo ya picha yanasomwa kwa lugha ileile iliyotangazwa. Ukiyaandika vizuri namna gani, lugha ikiwa si yake yanaharibika.

Kisha akafika kwenye picha tatu za juu, zile za kubofya ili kufungua kurasa nyingine. Zilikuwa picha tupu ndani ya kiungo, bila neno. Sauti ikaanza: "IMG, ishirini ishirini na tatu, sifuri nne..." Mwalimu akavua spika. "Kijana wangu, hii ni namba ya simu ya nani?"

Lilikuwa jina la faili. Kiungo lazima kiwe na jina la kutamkwa, na picha iliyomo ndani yake ikikosa `alt`, programu inaokota chochote inachokipata: jina la faili, au anwani ya ukurasa unaoelekezwa.

Nilirudi nyumbani nimeaibika, nikafanya kosa la mtu aliyeaibika: kila picha nikaipa `alt`. Hata ule mstari wa mawimbi unaotenganisha sehemu, ambao ulijirudia mara sita, niliuandikia "mstari wa mawimbi ya buluu". Kialama cha simu kilichokaa kando ya maneno "Piga simu" nikakiandikia "simu". Picha zenye maelezo chini yake nikazinakilia maelezo yaleyale kwenye `alt`, neno kwa neno.

Mwalimu alisikiliza mara ya pili kwa uvumilivu wa mtu aliyefundisha darasa la watoto sabini. Mawimbi mara sita. "Simu Piga simu." Na kila picha ikisomwa mara mbili, kwanza `alt`, halafu maelezo yaleyale. "Sasa umenigeuza kiziwi pia," akasema, akacheka.

Hapo ndipo nilipoacha kubahatisha. Nilizima picha kwenye kivinjari nikausoma ukurasa kama anavyouona mtu aliyeishiwa MB njiani kuelekea Iganga. Picha isipofika, kivinjari huweka maandishi ya `alt` mahali pake. Kwa kila moja nikajiuliza: hapa, katika sentensi hii, msomaji amekosa nini? Mstari wa mawimbi ulipotoweka hakuna aliyekosa kitu. Kialama cha simu vilevile, maana maneno yako palepale kando yake. Hizo zote nikaziandikia `alt=""`, yaani alama mbili za nukuu zisizo na kitu kati yake, hata nafasi. NVDA ikikuta hivyo inaruka kimya, kana kwamba picha haipo. Kuifuta `alt` yote ni jambo tofauti: ukiifuta unaiacha programu ikisie, ukiiandika tupu unaiambia kwamba umeitazama picha na haina la kusema. Baadaye mawimbi niliyahamishia kwenye CSS, msimbo wa mwonekano wa ukurasa, kama picha ya nyuma, ndiko mapambo yanakostahili kukaa.

Ugumu ulibaki kwenye picha zenye maelezo, na moja hasa. Katika ukurasa wa historia tulikuwa na picha ya zamani ya maporomoko ya Ripon, mahali ambapo maji ya ziwa yalikuwa yakimwagikia Nile, maporomoko ambayo mpelelezi Mwingereza Speke aliyafikia mwaka 1862. Bwawa la Owen Falls lilipokamilika mwaka 1954, maji yalipanda, maporomoko yakazama. Leo mgeni akipita juu yake kwa mashua haoni kitu isipokuwa maji yanayokwenda. Kwa hiyo picha ile ndiyo ushahidi wenyewe.

Ili kuondoa lile rudio la mara mbili, niliipa `alt=""`, nikabakiza maelezo peke yake ndani ya `figcaption`, tagi ya maelezo yanayoonekana chini ya picha. Nilidhani nimekuwa mjanja. Mwalimu akaipita, akarudi, akaipita tena. "Nasikia 'Maporomoko ya Ripon kabla ya mwaka 1954.' Haya, yako wapi?" Kwake picha ilikuwa imefutika, na maelezo yamebaki yakining'inia kama kibao cha duka lililobomolewa. Kama picha inastahili `figure`, tagi inayoifunga pamoja na maelezo yake, basi ni vigumu sana kuiita pambo. Ukiinyamazisha, `figcaption` inakuwa inaeleza kitu kisichokuwepo.

Dawa ilikuwa kugawa kazi. `figcaption` inamfikia kila mtu, mwenye macho na asiye nayo, kwa hiyo huko ndiko yanakokaa yale ambayo hata mwenye macho hawezi kuyajua kwa kutazama: ni wapi, ni lini, picha ni ya nani. `alt` inabeba kile ambacho jicho lingekichukua. Nikaandika:

```html
<figure>
  <img src="ripon.jpg" alt="Mto mpana unashuka kwenye
  ukingo mfupi wa mwamba, umegawanyika katikati ya
  visiwa vidogo vya mawe. Watu watatu wamesimama
  kwenye mwamba wa mbele.">
  <figcaption>Maporomoko ya Ripon, Jinja, kabla ya
  kufunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls
  mwaka 1954.</figcaption>
</figure>
```

Angalia kwamba sikuanza na "Picha ya". Programu yenyewe hutangaza kwamba hii ni picha, ukirudia unamchosha msikilizaji bure. Nukta mwishoni mwa sentensi nayo ina kazi, inaipa sauti pumzi kabla ya kuingia kwenye maelezo. Na `figcaption` iwe ya kwanza au ya mwisho ndani ya `figure`, isibanwe katikati.

Mwalimu aliposikia hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hao watu watatu wanafanya nini?" Sikujua. Nilikuwa nimeiona picha ile labda mara hamsini. Nikaikuza kwenye skrini, na kumbe wameshika fimbo ndefu za kuvulia samaki, mmoja ameinamia maji. Sentensi ya mwisho nikaibadilisha iwe "Watu watatu wanavua samaki kwa fimbo ndefu kutoka kwenye mwamba wa mbele." Nimejifunza kuandika `alt` huku picha iko wazi mbele yangu. Nikiandika kwa kumbukumbu naandika nilichodhani nimekiona.

Sasa picha hiyohiyo ya Ripon ilikuwa pia kwenye ukurasa wa kwanza, ndogo, ikiwa mlango wa kuingilia kwenye historia. Niliongeza maneno chini yake, ndani ya kiungo kilekile. Je, nayo niinakilie ile `alt` ndefu? Nilijaribu. Mwalimu akitafuta kiungo cha historia ilibidi kwanza asikilize mto, visiwa na wavuvi, ndipo afike kwenye jina la ukurasa. Hapa picha haielezi kitu, inavutia jicho tu, na maneno yanatosha:

```html
<a href="historia.html">
  <img src="ripon.jpg" alt="">
  Historia ya Jinja
</a>
```

Faili ni moja, `alt` ni mbili, na zote ni sahihi. Ila maneno yale mawili matatu yakiondolewa, `alt` tupu inakuwa sumu: kiungo kinabaki bila jina, tunarudi kwenye "IMG ishirini ishirini na tatu". Hapo ingebidi `alt` iwe "Historia ya Jinja", kwa maana inataja unakokwenda, wala haisimulii kilichomo pichani.

Bei za safari Hajati alikuwa ameniletea kama picha ya ubao ulioandikwa kwa chaki. Nilianza kuziandika zote kwenye `alt`, saa za kuondoka, bei za watoto, bei za kundi, nikafika mstari wa nne nikaacha. `alt` inasomwa kwa mkupuo mmoja, huwezi kushuka safu kwa safu wala kurudi nyuma kwenye bei moja. Nikatengeneza jedwali la kweli, picha ya ubao nikaitupa. Hajati alilalamika kwamba mwandiko wake ulikuwa mzuri, na ni kweli.

Kabla ya kukabidhi nilifungua konsoli ya kivinjari nikaandika hii:

```js
document.querySelectorAll('img:not([alt])').length
```

Jibu likaja 0. Lakini amri hiyo inahesabu zilizosahaulika tu; "simu Piga simu" ingepita mbele yake bila kusimamishwa. Kwa hilo ninatumia dirisha la NVDA linaloitwa `Speech viewer`, lipo kwenye menyu ya zana, linaandika kila inachotamka. Nasoma pale kama barua. Sentensi ikijirudia, macho yanaiona hata kama masikio yamezoea.

Picha moja bado tunabishana. Ni ile kubwa ya juu, jua linazama Nile na mashua ya Hajati ni kivuli cheusi. Mimi niliihesabu kuwa pambo, nikaipa `alt=""`. Hajati akasema wageni wanapiga simu kwa ajili ya jua lile. Nilipompelekea kesi Mwalimu, akasema yeye amefundisha miaka mingi karibu na mto huo na angependa kusikia kama bado unakuwa wa dhahabu jioni. Nimeiandikia "Jua linazama juu ya Nile, maji yana rangi ya dhahabu, mashua moja inarudi ufukweni." Siku ukurasa ukiwa mzito au sentensi ikimchosha mtu, nitaiondoa.