Jasho la Shingoni

Bukavu, Jumapili usiku

Kwa miaka kumi na mmoja mikono yangu ndiyo iliyonionya. Sukari ikianza kushuka, vidole ndivyo vilivyotangulia: chaki inagonga ubao mara mbili pale nilipotaka kugonga mara moja. Baada yake moyo unaanza kwenda mbio, halafu inanijia hofu isiyo na sababu, kama mtu anayesubiri habari mbaya. Nikiona hayo matatu naacha kila kitu, mkono mfukoni, sukari mdomoni. Sijawahi kuanguka mbele ya wanafunzi, na nakiri kwamba jambo hilo lilikuwa limenipa kiburi kidogo.

Jumatano hayakuja, hata moja.

Nimekaa siku nne nikiyapanga kichwani, na leo umeme umerudi mapema, basi niandike.

Nadunga insulini ya mchanganyiko, ile 30/70, uniti 22 saa kumi na mbili asubuhi na uniti 14 jioni. Sehemu kubwa ya mchanganyiko huo ni insulini ya polepole, ambayo nguvu yake hupanda kati ya saa nne na saa kumi hivi baada ya kudungwa. Maana yake ukidunga alfajiri, adhuhuri ndiyo saa ya hatari, hasa chakula kikichelewa. Nalijua hilo kama ninavyojua njia ya nyumbani. Jumatano chakula kilichelewa: mkutano wa walimu uliingia ndani ya saa ya kula, kisha nikapanda kilima kwa miguu kwenda kufundisha mchana, na kilima cha kwetu hakina huruma.

Nikaanza somo. Nakumbuka shingo ilikuwa imelowa na kola imenishika. Nikasema moyoni ni kile kilima. Nakumbuka pia njaa, lakini nani asiye na njaa saa nane mchana? Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Niliutazama, kwa sababu nina desturi ya kuutazama, nikauona umetulia, nikaendelea kufundisha. Baadaye msichana mmoja wa dawati la mbele aliniambia kwa adabu: «Mwalimu, sentensi hiyo umeiandika mara tatu.» Nilimkaripia, mimi ambaye sikaripii wanafunzi. Alitoka bila kunijibu akamwita mwenzangu wa darasa la pili, na huyo ndiye aliyetoa glukomita kwenye mkoba wangu.

Ilisoma 41.

Kwa asiyejua namba zetu: chini ya 70 mtu anapaswa kula sukari, na chini ya 54 ubongo wenyewe umeanza kukosa chakula. Nilikuwa 41 nimesimama, nazungumza, mkono umetulia kama wa fundi saa. Mwenzangu alinishika kifundo cha mkono akahesabu mapigo: 62. Zamani kwa sukari kama ile ningekuwa na mapigo zaidi ya mia moja.

Nilikunywa maji yenye vijiko vinne vya sukari. Baada ya dakika 15, 49. Vijiko vinne tena. Dakika 15 nyingine, 63. Tukarudia, na ilichukua karibu saa nzima kufika 84, kisha nikala bugali na sambaza alizoniletea mama wa kantini. Kwa kawaida mzunguko mmoja hunitosha, au miwili siku mbaya.

Jioni, akili iliporudi sawasawa, nikajiuliza ni kitu gani kilichobadilika. Kilikuwa kimoja tu. Wiki tatu kabla nilikuwa nimekwenda kutibiwa kipandauso, maumivu ya kichwa ya upande mmoja yanayonilaza gizani siku mbili, nikaandikiwa propranololi, miligramu 40 asubuhi na jioni. Hawakuniuliza kama nina sukari. Na mimi sikusema, kwa sababu niliona kichwa ni kichwa na sukari ni sukari. Makosa tumegawana. Kipandauso kilitulia vizuri kweli, na hilo lazima niliandike.

Ijumaa nilikwenda kwa dokta anayefuatilia sukari yangu. Nilipomtajia jina la dawa alifumba macho kidogo. Kisha akachukua kipande cha karatasi akanichorea, na ndicho ninachotaka kukihifadhi hapa kabla sijakipoteza.

Sukari ikishuka, mwili hutoa adrenalini. Adrenalini hiyo inafika kwenye moyo na misuli na kugonga kwenye milango midogo inayoitwa vipokezi vya beta. Moyo ukigongwa unakimbia, misuli ikigongwa inatetemeka. Propranololi ni kifuniko cha milango hiyo. Adrenalini inatoka kama zamani, inagonga, hakuna anayefungua. Ndiyo maana mkono wangu ulikuwa umetulia: sukari ilishuka kweli na mwili ulipiga kelele kweli, ila kelele haikufika mahali ninapoisikilizia.

Ila jasho lina njia yake. Mishipa ya fahamu inayoamuru jasho la namna hii haitumii adrenalini mwishoni mwake. Inatumia kitu kingine, asetilikolini, na kifuniko cha beta hakigusi njia hiyo. Kwa hiyo jasho linabaki, na kwa wengine linazidi. Njaa pia inaweza kubaki. Shingo yangu ilikuwa ikiniambia ukweli wakati mkono umenyamaza, na mimi nikaamini mkono.

Nikamuuliza mbona ilichukua muda mrefu kupanda. Akachora ini. Ini lina akiba ya sukari, na kuna sauti mbili kubwa zinazoliamuru kuifungua: glukagoni ya kongosho na adrenalini. Mtu aliyeishi miaka mingi na insulini kama mimi mara nyingi amekwisha poteza ile sauti ya kwanza. Kongosho haliitiki tena sukari inaposhuka. Tunabaki tukitegemea adrenalini. Propranololi inafunika milango ya beta ya aina zote, ile ya moyo na ile inayosaidia kufungua akiba hiyo. Basi dawa moja ilinifanyia mambo mawili kwa pamoja: ilinificha hatari na ikanipunguzia mkono wa kujiokoa. Vijiko vya sukari vilikuwa vikifanya kazi karibu peke yao.

Nilitaka kuitupa siku hiyohiyo. Akanikataza. Mtu akiikata ghafla, moyo uliozoea kufunikwa unaweza kuruka juu, na kwa mwenye moyo mgonjwa hilo ni hatari kubwa kuliko ninavyofikiri. Alinibadilishia: kuanzia kesho yake atenololi, miligramu 50 mara moja kwa siku, mahali pa ile. Nayo ni ya ukoo huohuo wa vizuia beta, nayo inasaidia kipandauso, lakini kwa kipimo hiki inashughulika zaidi na milango ya moyo na kuiacha kwa sehemu kubwa ile ya ini na misuli. Alinieleza kuwa mwaka 1998 Waingereza walitoa matokeo ya utafiti mkubwa wa wagonjwa wa sukari, ambamo wengine walipewa atenololi na wengine kaptoprili kwa ajili ya presha, na wale ambao sukari yao ilishuka hawakuwa wengi zaidi upande wa atenololi. Lakini akaongeza haraka kwamba wale walikuwa wagonjwa wa aina ya pili, wengi wao hawakuwa na miaka kumi na mmoja ya sindano, kwa hiyo nisiuchukue kama ruhusa ya kulala. Kipimo kikiongezwa, uchaguzi huo wa milango unapungua. Na moyo kwenda mbio, ishara yangu ya pili, nisiitegemee tena hata kwa atenololi. Ikinitokea tena, tutaondoka katika ukoo huu kabisa tutafute dawa nyingine ya kichwa.

Kuna mama mmoja kwenye foleni aliyesikia mazungumzo yetu (mlango wa chumba haufungi), akaniuliza nje kama basi naye aache yake, anayopewa kwa sababu moyo wake umedhoofika. Nilimwambia arudi ndani akaulize. Kwake dawa ile huenda ndiyo inayomfanya awe hai, na mimi si mtu wa kumwambia kitu barabarani.

Sasa nabaki na jasho, na hapa Bukavu jasho lina utata wake. Hewa ni baridi, hilo linasaidia: ukilowa umekaa kivulini, jiulize. Lakini tunaishi kwenye vilima, na kila anayepanda analowa. Tangu Ijumaa nimejifunza kutofautisha. Jasho la kilima ni la moto na linakauka nikikaa dakika chache. Lile la Jumatano, nikilikumbuka vizuri, lilikuwa baridi, limekaa shingoni na juu ya mdomo, na liliendelea nikiwa nimesimama kivulini robo saa. Hata hivyo sitaki kuamulia kwa kuonja jasho. Karatasi za kupimia ni ghali, siwezi kupima mara nane kwa siku, basi nimezigawa: moja alfajiri kabla ya sindano, moja kabla ya kupanda kilima mchana, moja kabla ya kulala. Ya kilima ndiyo mpya. Ikiwa chini ya 100, nakula kwanza, na darasa lisubiri.

Usiku ndio unaonisumbua. Sindano ya jioni nayo ina kilele chake, na kilele hicho kinaangukia saa za usingizi mzito. Mama Neema ameambiwa yote. Yeye hana haja ya michoro. Ameuliza mambo mawili tu, ashike wapi na afanye nini. Ashike shingo na mgongo wa fulana. Ikiwa imelowa baridi, aniamshe na kunipima, na nikigombana naye asibishane, hasira hiyo ni sukari. Nikishindwa kumeza asinimiminie chochote kinywani, anilaze ubavu na aite pikipiki ya jirani twende hospitali.

Jana saa nane usiku alinishika shingo. Nilishtuka nikadhani mwizi. Ilikuwa kavu. Akanipima vilevile, eti kwa sababu hajazoea bado, na karatasi moja ikaenda hivyo: 131. Nilitaka kulalamika juu ya bei ya ile karatasi, nikaacha. Alikuwa amekwisha geukia ukutani, analala.