Jinsi tulivyopata jina la UDADA kwa kikundi chetu cha Kano

Kikundi chetu kilianza kwa kuchangia karo na sodo za wasichana wachache wa uwanda wa Kano, mashariki mwa Kisumu, na kwa muda mrefu hakikuwa na jina lolote ila "wale akina mama wa Ahero". Jina lilihitajika tulipoamua kujisajili. Shirika linalotaka kufanya kazi kitaifa leo hupitia Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013, ambayo ilianza kutumika Mei 2024, lakini sisi tulikuwa wa ngazi ya kijiji, kwa hiyo njia yetu ilikuwa ofisi ya maendeleo ya jamii na Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022. Mimi nikiwa katibu niliagizwa nitafute jina ambalo kifupi chake kingekuwa neno lenye maana, kwa sababu wanachama walitaka kitu ambacho mzazi angeweza kukitaja bila kusoma karatasi.

Wengi walidhani kazi ni kuchukua herufi ya kwanza ya kila neno. Niliijaribu njia hiyo na kuiacha mapema. Neno la Kiswahili huenda konsonanti kwa irabu, konsonanti kwa irabu, kwa hiyo ukitaka herufi za mwanzo ziunde neno, karibu kila neno la pili katika jina lako refu lazima lianze kwa irabu. Maneno ya namna hiyo yanayofaa elimu ya wasichana si mengi: elimu yenyewe, afya, uwezo, ari, imani, na mengine kidogo. Mtu huishia kuandika jina refu ambalo halisemi chochote, limejazwa "imani" na "ari" ili tu kifupi kipatikane.

Kiswahili kina njia yake ya zamani ambayo ni bora zaidi, nayo ni kuchukua silabi. Baraza la Kiswahili la Taifa ni BAKITA, Upungufu wa Kinga Mwilini ni UKIMWI, Chama cha Demokrasia na Maendeleo ni CHADEMA. Viunganishi kama "wa", "ya" na "na" huachwa. Kiambishi "ku" cha kitenzi hakina kanuni moja: katika MKUKUTA, yaani Mkakati wa Kukuza Uchumi na Kupunguza Umaskini Tanzania, "ku" imechukuliwa, lakini hakuna anayekukataza kuiruka ukaanzia kwenye mzizi. Nilijiwekea sharti moja tu, kwamba nikiiruka mara moja katika jina, niiruke kote, la sivyo msomaji hataona kifupi kimetoka wapi.

Silabi zina hatari yake, hata hivyo, na hatari hiyo imejificha katika neno la kwanza. Kila mtu huanza na chama, shirika au kikundi bila kufikiri. Chama cha Wasichana kinakupa CHAWA. Shirika la Dada linakupa SHIDA. Mwanachama mmoja, mwalimu mstaafu, alipendekeza kwa nia njema kabisa Kikundi cha Masomo ya Dada, akaliandika ubaoni kwa herufi kubwa, akatenganisha silabi kwa vistari, kisha akasoma kwa sauti: KI-MA-DA. Kikao kilivunjika kwa vicheko hadi mweka hazina akalazimika kwenda kufunga mlango. Tangu siku hiyo nilianza kila pendekezo kwa kuisoma silabi ya kwanza pamoja na WA, DA, MA na BI, yaani silabi za mwanzo za wasichana, dada, masomo na binti, kwa kuwa moja kati ya hizo ingeingia kwa vyovyote. Ikiwa mojawapo inaleta tusi au balaa, neno la kwanza libadilishwe kabla hujasonga mbele.

Neno la kwanza lililopita mtihani huo lilikuwa umoja. Umoja wa Kusaidia Wasichana, ukiiruka "ku", ni USAWA, na wote tulilipenda papo hapo. Tatizo lilikuwa kwamba Kenya tayari kuna Usawa Agenda, shirika linalopima uwezo wa watoto kusoma na kuhesabu. Msajili angeweza kulikataa, na hata kama angelipitisha, mfadhili angedhani sisi ni tawi lao. Kwa maoni yangu, neno zuri lenye maana ya moja kwa moja katika elimu karibu daima lina mwenyewe, na ni heri kulitafuta mtandaoni pamoja na neno "elimu" na neno "Kenya" kabla ya kulipeleka kikaoni, maana watu wakishalipenda jina ni vigumu kuwaondoa humo.

La pili lilikuwa KISIMA, kutoka Kikundi cha Kusimamia Masomo. Halikuwa na kasoro ya sauti wala ya maana, na lilikataliwa kwa sababu ya mahali tulipo. Katika vijiji vyetu maji safi ni haja ya kila siku, na kikundi kinachoitwa Kisima kingeulizwa kila wiki kitachimba lini.

UDADA ilitoka kwenye neno udhamini: Udhamini wa Dada Darasani. Kifupi kinataja uhusiano tunaoutaka kati ya wafadhili na wasichana, na jina refu linasema kazi yenyewe, kwamba tunamdhamini msichana abaki darasani. Tulichagua "darasani" badala ya "kidato" kwa makusudi, kwa kuwa vidato vinaondoka pamoja na mtaala wa 8-4-4, ambao mtihani wake wa mwisho wa KCSE ni wa 2027, na wasichana wa gredi ya 10 tayari wako shuleni. Kuna faida nyingine ya kisarufi ambayo sikuitarajia. Udhamini na udada yote ni maneno ya ngeli ya U, kwa hiyo sentensi kama "UDADA umemlipia karo" inakubaliana na kifupi na pia na jina refu, wala hakuna mtu anayejikwaa.

Kabla ya kulipitisha nilimpigia simu mhasibu wa shule moja tunayoilipa, nikamtajia jina mara moja tu, kisha nikamwomba anisomee alichoandika. Alikuwa ameandika sawasawa. Mweka hazina wetu, ambaye kwao ni Bungoma, alitoa angalizo zito zaidi: "Katibu, kwetu shosho akilitamka hilo, d itasikika kama t." Udada ungekuwa utata. Tulilijadili hilo kwa muda, tukakubaliana kwamba kwa sasa kazi yetu ni Kano, ambako Kijaluo kina d na t zote mbili, lakini imeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kwamba tukifungua tawi Bungoma, huko tutatumia jina refu.

Kwenye katiba na fomu tuliandika jina refu kwanza, kifupi kikafuata, na mwishoni tukaongeza "Kano", ili ikiwa kuna kikundi kingine chenye neno hilo kaunti nyingine, msajili apate cha kututenganisha. Tulipeleka pia majina mawili ya akiba, nayo tuliyapitisha katika mtihani uleule wa silabi, kwa sababu jina la akiba linaweza kuwa ndilo litakalochapishwa kwenye cheti.