Kutoka slaidi za wanajopo hadi karatasi ya mwendeshaji: mfano wa jopo la mikoko, Mombasa

Jopo lenyewe lilihusu mikoko ya Pwani: mtafiti wa bahari, kiongozi wa kikundi cha kijamii, afisa wa misitu na mfanyabiashara wa boriti. Muda ulikuwa dakika 60. Nilipaswa kumwandikia mwendeshaji wa mjadala utambulisho wa kila mmoja na maswali, nikiwa na slaidi zao tu.

Kwanza niliomba faili asili za slaidi badala ya nakala za PDF. Kwa kawaida PDF huacha nyuma maelezo ya msemaji yaliyoandikwa chini ya slaidi, na mara nyingi hoja imo humo, kwa sababu slaidi yenyewe ina picha na maneno matano. Maelezo hayo ni ya mwenyewe, hivyo huyatumia kuelewa na siyanukuu kwenye swali bila ruhusa yake.

Kisha nilichora jedwali la safu tatu: anachodai, ushahidi aliouonyesha, na namba ya slaidi. Watu huiruka hiyo safu ya mwisho, kumbe mwanajopo akisema "mimi sikusema hivyo", mwendeshaji hana kingine cha kushika.

Jedwali likijaa, tofauti hujitokeza zenyewe, ila si kila tofauti ni ubishi. Slaidi ya mtafiti ilisema msitu umehifadhi tani 300 kwa hekta. Ya kikundi, kuhusu msitu uleule, ikasema tani 1,100. Swali la haraka lingekuwa "mbona hesabu zenu zinapishana?" Lakini mtafiti alipima kaboni, na kikundi kilipima kaboni dioksidi, ambayo ndiyo kipimo kinachotumika kwenye soko la kaboni. Uzito wa atomu ya kaboni ni 12 na wa molekuli ya kaboni dioksidi ni 44, kwa hiyo 300 × 44 ÷ 12 ni 1,100. Wamesema kitu kimoja. Swali lile lingekula dakika tatu za kufundishana hesabu mbele ya ukumbi.

Kwa hiyo kila namba huikagua mara tatu: ni kaboni au kaboni dioksidi? Ni ya hekta moja au ya msitu mzima? Ni akiba iliyopo au nyongeza ya mwaka? Hapo pa mwisho ndipo penye mtego mkubwa, maana sehemu kubwa ya akiba ya mikoko imelala kwenye tope kwa miaka mingi, na nyongeza ya mwaka mmoja ni kidogo sana ukiilinganisha nayo.

Ubishi wa kweli ulikuwa slaidi ya sita ya mfanyabiashara: kukata kwa kuchagua hakuharibu msitu. Ushahidi wake ulikuwa picha, hakukuwa na kipimo. Swali likaandikwa hivi: "Bwana Fulani, slaidi yako ya sita inasema kukata kwa kuchagua hakuharibu msitu. Mnakata pau, boriti au nguzo, na ni nani anayehesabu visiki baadaye?" Jina linatangulia ili mhusika asikie swali lote akijua ni lake. Baada yake anayejibu ni afisa wa misitu, naye ameandikwa pembeni ya swali.

Jambo linalojulikana tayari halistahili swali. Kikundi kilitaja Mikoko Pamoja ya Gazi, Kwale, kama mfano. Kwamba ni mradi wa jamii wa kuuza kaboni ya mikoko ulioanza 2013 na kwamba eneo lake ni hekta 117, mwendeshaji anaweza kuyasema mwenyewe kwa sentensi moja.

Idadi ya maswali hutoka kwenye saa. Wanajopo wanne wakifungua kwa dakika tano kila mmoja ni 20, ukumbi unapata 15, zinabaki 25. Jibu la dakika mbili, pamoja na swali na kupokezana kipaza sauti, hufika karibu tatu. Hayo ni majibu manane: maswali manne, kila moja na mjibu wa kwanza na wa pili. Nikaongeza mawili ya akiba.

Utambulisho niliuandika mwisho, nikishajua nani anabishana na nani. Kila mmoja ana maneno kama 50: jina, kazi yake kwa mada hii, na anacholeta mezani. Shahada hukatwa. "Bi Fulani anaongoza kikundi kinachopanda na kulinda mikoko. Leo anatueleza kwa nini kwake mti uliosimama una faida kuliko boriti iliyouzwa." Cheo sikitoi kwenye slaidi ya kwanza, kwa sababu slaidi nyingi ni za mwaka jana zilizobadilishwa kichwa, humuuliza mwenyewe, pamoja na kama anaitwa Daktari, Mwalimu, Mzee au Bi. Mmoja akipata maneno 80 na mwenzake 30, ukumbi husikia nani mkubwa.

Vyote viliingia kwenye karatasi moja, upande mmoja, herufi za ukubwa wa 16. Maswali ya akiba yalikaa chini bila jina, mwendeshaji amwekee aliyezungumza kidogo kuliko wengine.