Nilivyoficha meseji zangu kwenye kioo kilichofungwa

Jumamosi moja pale soko la Kilombero, Arusha, niliweka simu mezani kwa mama ntilie nikisubiri wali. Kioo kikawaka: "Dada, ile laki mbili ya kikoba unarudisha lini?" Jirani wa benchi alisoma kabla yangu, akageuka kutazama ndizi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Simu yangu ni ya Android. Nikaingia Settings, kisha Notifications, nitafute swichi iitwayo Sensitive notifications. Sikuiona! Nikahangaika hadi chai ikapoa, ndipo nikagundua kosa: simu yangu nilikuwa naifungua kwa kutelezesha kidole tu, haina PIN. Bila kufuli halisi, simu haina namna ya kujua anayetazama ni mwenyewe au jirani, kwa hiyo haina cha kuficha. Nikaweka PIN, nikarudi, swichi ikatokea, nikaizima. (Wa iPhone: Settings, Notifications, Show Previews, halafu chagua When Unlocked.)

Nikazima kioo, nikamwambia mdogo wangu, "Nitumie meseji yoyote." Simu ikalia, likaonekana jina la programu tu, maneno hayakuwepo.

Ila hii hulinda kioo kilichofungwa peke yake. Juzi nikiwa ndani ya Hiace ya kwenda Moshi, namwonyesha abiria mwenzangu picha za harusi, meseji ya kikoba ikashuka juu ya picha nzima nzima. Siku hizi nikionyesha picha nawasha kwanza Do Not Disturb.