Gari limejazwa mafuta

Hii ilikuwa 2019, tuna semina Morogoro siku ya Jumatatu, washiriki 25, na mimi ndo mratibu. Alhamisi jioni nikaandika imeili kwa dada wa utawala, nikamwekea na dereva nakala, nikafunga kompyuta nikaenda zangu nyumbani nikijua kazi nimeshaigawa. Imeili yenyewe bado ninayo:

Dada, kabla ya Jumatatu naomba:
- Piga simu hotelini, vyumba 14
- Kuthibitisha chakula cha mchana
- Posho za washiriki
- Gari limejazwa mafuta
- Projekta

Jumatatu saa 10 alfajiri tunatoka Dar, hata Kibaha hatujafika dereva ananiambia kaka tutafute shell, mafuta yako robo. Nikashtuka, nikamwambia si niliandika kwenye imeili? Akanijibu kwa upole tu, "Ndiyo kaka, uliandika limejazwa. Nikajua umeshamtuma mtu." Nikafungua simu nikasoma. Kweli, limejazwa. Kichwani mwangu mimi nilikuwa naliona gari Jumatatu asubuhi likiwa tayari, tanki full, nikaandika hiyo picha badala ya kuandika kazi. Nilitakiwa niandike lijazwe. Hiyo -me- inamwambia msomaji jambo limeisha, na mtu akiambiwa limeisha anafanya nini? Anaendelea na mengine.

Mafuta tulijaza njiani, hilo likapita. Kilichoniumiza ni posho. Dada aliposoma "Posho za washiriki" na chini kule "Projekta" hakuona kitendo chochote, akajua nampa taarifa kwamba vitu hivyo vitakuwepo, na simlaumu hata kidogo, neno peke yake likikaa kwenye kidoti halisemi nani afanye nini. Mimi nilimaanisha atoe benki laki 7 na nusu, elfu 30 kila mtu, na projekta akaichukue kwa fundi. Projekta tukaazima pale pale ukumbini ila posho ikabidi niitume kwa simu, namba moja moja, watu 25, saa 12 jioni wengine wameshabeba mabegi wanawahi basi, na kuna mama mmoja laini yake haikusajiliwa kupokea hela akakaa ananisubiri mpaka giza linaingia. Sura yake siisahau.

Na chakula je? Kidoti cha kwanza kinasema piga simu hotelini, cha pili kinaanza na ku-. Kwa Kiswahili chetu ukisema piga simu, halafu kuthibitisha, hiyo ku- inakuwa sababu ya kupiga simu. Dada akasoma hivyo hivyo, akapigia hoteli akathibitisha chakula huko huko. Mpishi niliyemkusudia alikuwa wa ukumbini, upande wa pili wa mji, na hakuambiwa kitu. Tukasafirisha masufuria.

Wiki iliyofuata nikajaribu kurekebisha, na hapa ndo nilijifunza zaidi maana marekebisho ya kwanza nayo yalikuwa mabovu. Nikalinganisha kila kidoti: vyumba vithibitishwe, posho zitolewe benki, gari lijazwe, projekta ichukuliwe. Vimepangana vizuri kabisa, vyote vina muundo mmoja, lakini dada akanipigia akauliza, "Kaka, zitolewe na nani? Mimi au mhasibu?" Akawa sahihi. Mistari ilikuwa inafanana na mtendaji hayumo.

Tukakaa wote wawili na ile imeili ya zamani tukaiandika upya, tunasoma kwa sauti lile neno "naomba" kabla ya kila kidoti. Naomba piga simu, haikai. Naomba gari limejazwa, haikai kabisa. Hapo sikio linakukamatia kosa ambalo jicho limeliruka. Ikatoka hivi:

Dada, kabla ya Ijumaa saa 10 jioni naomba:
- upige simu hotelini uthibitishe vyumba 14
- umpigie mpishi wa ukumbini uthibitishe chakula cha mchana
- utoe benki 750,000 za posho
- umpe dereva hela ya mafuta
- uchukue projekta kwa fundi

Ona hiyo u- mwanzoni, kila mstari unamtaja yeye. Kazi za dereva zikawa na kundi lake chini, jina lake juu. Na yale yaliyokwisha kweli, kama ukumbi kulipiwa, nikayatoa kwenye orodha nikayaweka kwenye sentensi ya kawaida juu yake, kwa sababu ukilazimisha taarifa ifanane na kazi unarudi kule kule kwenye limejazwa.

Safari iliyofuata, Ijumaa saa 9 na nusu, dada akanirudishia imeili ile ile, mbele ya kila kidoti ameandika "tayari", isipokuwa kimoja: "fundi kafunga, nitachukua kesho saa 3."